Hatua Zinazohesabu na Hatua za Maneno Tu

Mfanyabiashara wa kanga ananunua korija 3 Kariakoo, kila korija kwa shilingi 180,000. Usafiri na kuli vinamla shilingi 30,000. Akifungua mzigo dukani anakuta doti 4 zina kasoro ya chapa, hivyo hizo anaziuza kwa shilingi 8,000 kila moja. Nyingine zote zinakwenda kwa shilingi 12,500. Amepata faida gani?

Mwenye duka atavuta kipande cha karatasi. Korija ni 20, kwa hiyo doti ni 60. Mzigo umemgharimu 540,000, ukijumlisha na 30,000 za njiani unapata 570,000. Doti nzima ni 56, nazo zimeleta 700,000. Zile mbovu zimeleta 32,000. Mauzo yote ni 732,000, na faida ni 162,000. Hapo hakuna hatua ngumu hata moja. Mtoto wa darasa la sita angeziweza zote. Kinachomshinda mtu akiambiwa ajibu papo hapo bila karatasi ni kushika 60, 56, 570,000 na 700,000 kichwani kwa wakati mmoja bila kudondosha mojawapo.

Modeli za lugha, yaani zile programu za akili mnemba zinazoendesha ChatGPT, Gemini, Claude na wenzao, nazo hukwama papo hapo. Modeli haiandiki sentensi nzima kwa mkupuo. Inaandika tokeni moja baada ya nyingine, na tokeni ni neno fupi au kipande cha neno. Kabla ya kutoa kila tokeni, huyapitisha maandishi yote yaliyotangulia, swali likiwemo, kwenye tabaka zake za hesabu, na idadi ya tabaka hizo haibadiliki. Swali likiwa jepesi, tabaka ni zilezile. Likiwa zito, ni zilezile pia. Modeli haina namna ya kutulia kidogo ikawaza ndani kwa ndani kabla ya kufungua mdomo. Ukiilazimisha ianze na tarakimu ya kwanza ya faida, mnyororo wote wa korija, doti, gharama na mauzo lazima ukamilike ndani ya mpito huo mmoja.

Njia yake ya kujiongezea muda ni kuandika. Ikishaandika “doti ni 60”, ile 60 inakuwa sehemu ya maandishi, na mpito unaofuata unaisoma kama unavyosoma swali lenyewe. Sasa kazi iliyobaki ni kutoa 4 kwenye 60, ambayo ni ndogo. Maandishi ya hatua ndiyo daftari la modeli. Haina lingine.

Hii ndiyo siri ya agizo lililosambaa sana kwenye makundi ya simu, lile la kuiambia modeli ifikiri hatua kwa hatua. Watu hulituma kama dawa ya kila ugonjwa: barua ya kuomba kazi, tafsiri, ushauri wa ndoa, hesabu za duka. Kwa hesabu za duka lina msingi. Kwa mengi ya hayo mengine linarefusha jibu tu, na mara nyingine linaliharibu. Mpaka kati ya pande hizi mbili unaonekana vizuri ukiangalia majaribio yaliyofanyika tangu mwaka 2022.

Januari mwaka huo Jason Wei na wenzake wa Google walichapisha kazi iliyolipa jambo hili jina la mnyororo wa fikra. Walitumia mkusanyo wa mafumbo ya hesabu uitwao GSM8K, mafumbo ya maneno ya kiwango cha shule ya msingi yanayohitaji hatua kadhaa, ya aina ileile ya fumbo letu la kanga. Modeli yao kubwa, PaLM yenye vigezo bilioni 540, ilipewa mifano michache yenye swali na jibu tupu, ikapata chini kidogo ya mafumbo 18 katika kila 100. Ilipopewa mifano hiyohiyo ikiwa na hatua za kufikia jibu, ilipata karibu 57. Modeli ni ileile na haikufundishwa kitu kipya katikati. Iliruhusiwa kuandika tu.

Mei mwaka huohuo Takeshi Kojima na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Google, wakaonyesha kwamba hata mifano si lazima. Waliongeza mstari mmoja mwanzoni mwa jibu:

```
Let's think step by step.
```

Kwenye mkusanyo mmoja wa hesabu rahisi zenye hatua nyingi, uitwao MultiArith, majibu sahihi ya modeli waliyoitumia yalipanda kutoka takribani 18 hadi karibu 79 kwa kila 100. Kuanzia hapo mstari huo ukazunguka dunia nzima. Na kama kawaida ya vitu vinavyozunguka dunia, masharti yake yaliachwa nyuma.

Sharti la kwanza lilikuwa ndani ya kazi ya Wei yenyewe: modeli ndogo hazikufaidika. Ziliandika hatua zenye lugha fasaha na mantiki mbovu, na mara nyingine zikafanya vibaya kuliko zilipojibu moja kwa moja. Anayeendesha modeli ndogo kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa sababu intaneti ni ghali au data za ofisi hazitakiwi kutoka nje, akumbuke hilo kabla ya kunakili maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya modeli kubwa. Zipo modeli ndogo za siku hizi zilizofundishwa mahsusi kuandika hatua, nazo zinafanya vizuri kuliko za wakati ule. Lakini kufundishwa kuandika hatua na kuambiwa tu uandike hatua ni vitu viwili.

Sharti la pili kwangu ndilo tamu zaidi, kwa sababu linaonyesha nini hasa kinafanya kazi. Wei na wenzake walijiuliza: labda faida inatokana na kuandika tokeni nyingi tu, hata zisizo na maana? Wakaiambia modeli iandike nukta mfululizo badala ya hatua, nukta nyingi kadiri ya urefu wa hesabu iliyohitajika. Matokeo yalibaki palepale yalipokuwa bila hatua. Wakajiuliza tena: labda hatua zinaikumbusha modeli maarifa fulani iliyo nayo tayari? Wakapanga jibu litangulie, hatua zifuate. Hapo pia hakuna kilichoongezeka.

Jaribio hilo la mwisho linagusa kosa ambalo watu hulifanya kila siku. Mtu anaandika: “Nipe jibu, kisha nieleze ulivyolipata.” Anadhani ameomba hesabu yenye ushahidi. Alichoomba ni jibu la kubahatisha likifuatiwa na hadithi ya kulitetea, maana jibu likishaandikwa haliwezi kurudi nyuma kusoma maelezo yaliyokuja baada yake. Kwa modeli inayoandika moja kwa moja, mpangilio wa maneno kwenye agizo ni mpangilio wa kazi yenyewe. Hatua zikija kwanza, jibu linazitegemea. Zikija baadaye, zinalitegemea jibu.

Turudi kwenye kanga, maana pale kuna mtego ambao hatua peke yake haziutegui. Neno korija. Mwenye duka anajua ni 20. Tuseme modeli haikulikuta mara nyingi kwenye maandishi iliyofundishwa, ikalichanganya na dazeni. Itaandika: korija 3 ni doti 36, toa 4 zenye kasoro, zinabaki 32, 32 mara 12,500 ni 400,000, ongeza 32,000, mauzo ni 432,000, toa gharama 570,000, hasara ni 138,000. Kila kutoa na kuzidisha ni sahihi kabisa. Ukilipitisha kwenye kikokotoo hutakuta kosa. Kosa liko kwenye mstari wa kwanza, na halikuwa kosa la kufikiri hata kidogo. Lilikuwa kosa la kutojua.

Hatua huipa modeli nafasi ya kutumia inachokijua. Haziwezi kuipa isichokijua. Na zinaleta hatari ya ziada: jibu potofu la mstari mmoja humfanya msomaji asite, lakini jibu potofu lenye mistari saba iliyonyooka humtuliza. Mwenye duka angeshtuka, kwa sababu anajua biashara yake haileti hasara ya namna hiyo. Ofisa wa mikopo anayesoma jedwali la mtu asiyemfahamu hana cha kumshtua.

Ndiyo maana agizo la jumla la kufikiri hatua kwa hatua ni dhaifu kuliko agizo linalotaja hatua gani ziandikwe. Kwa fumbo kama hili ningeandika hivi:

```
Andika kwanza kila kipimo na idadi yake.
Kisha fanya hesabu, mstari mmoja kwa kila hatua.
Jibu liwe mstari wa mwisho.
```

Mstari wa kwanza unaitoa dhana ya korija hadharani kabla haijazama ndani ya hesabu. Mtu anayejua ataiona 12 mara moja na kuirekebisha. Bora zaidi ni kuiandika mwenyewe kwenye swali: korija ni doti 20. Saa zetu zina tatizo kama hilo. Basi likiondoka Dodoma saa 3 asubuhi na kufika Dar es Salaam saa 10 jioni, safari ni ya saa 7. Modeli ikizisoma tarakimu hizo kwa saa za Kizungu, yaani alfajiri ya saa tatu ya kwao hadi saa nne yetu ya usiku, inapata saa 19, na inazifikia kwa utulivu mkubwa, hatua kwa hatua.

Jambo lingine linalokua na urefu ni uwezekano wa kuteleza. Tuseme modeli inapatia kila hatua mara 98 kati ya 100. Hiyo ni kazi nzuri. Hesabu ya hatua 5 itafika salama karibu mara 90 kati ya 100. Hesabu ya hatua 20 itafika karibu mara 67 tu, maana 0.98 inajizidisha yenyewe kila hatua. Uhalisia hauko sawasawa hivyo, kwa sababu baadhi ya hatua ni nyepesi kuliko nyingine na modeli za siku hizi mara nyingine hurudi kurekebisha. Ila mwelekeo ni huo: hatua isiyohitajika si ya bure. Ukiomba hatua 20 kwa kazi ya hatua 4, umefungua milango 16 ya kosa kuingilia.

Zipo njia za kukamata mitelezo ya aina hiyo. Iliyo rahisi kuliko zote ilielezwa mwaka 2022 na Xuezhi Wang na wenzake, pia wa Google: uliza swali lilelile mara nyingi, kila mara kwa kuanza upya, kisha chukua jibu linalojitokeza mara nyingi zaidi. Wakiiuliza PaLM mara 40 kwa kila fumbo, usahihi kwenye GSM8K ulipanda kutoka takribani 56 hadi 74 kwa kila 100. Mantiki yake inaeleweka: mitelezo hutawanyika, mmoja huku na mwingine kule, ilhali njia sahihi hata zikipishana hukutana kwenye jibu lilelile. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuuliza mara 40, lakini mara tatu anaweza. Akipata 162,000, 162,000 na 150,000, anajua aangalie wapi. Akipata majibu matatu tofauti, asitumie lolote.

Njia hiyo nayo ina ukomo wake, na ni mtego uleule wa korija. Kosa linalotokana na kutojua halitawanyiki. Modeli inayoamini korija ni 12 itaamini hivyo mara zote tatu, nawe utapata hasara ya 138,000 kwa kura zote bila mpinzani. Majibu yakikubaliana, unajua kwamba hesabu haikuteleza. Hujui bado kama kilichohesabiwa ni chenyewe.

Hadi hapa tumezungumzia maswali ambayo jibu lake kweli linapita kwenye matokeo ya katikati. Maswali mengi tunayoulizana hayako hivyo. Barua hii ina adabu? Mwombaji yupi anafaa? Sentensi hii ni ya kawaida au ya ajabu? Hapo hakuna 60 ya kuandika ili kuifikia 56. Kuna hukumu, kisha kuna maneno.

Mwaka 2023 Miles Turpin wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walifanya jaribio la kijanja. Waliandaa maswali ya kuchagua A au B, na kabla ya swali wakaweka mifano michache ambayo yote, kwa makusudi, jibu lake sahihi lilikuwa A. Hawakusema lolote kuhusu hilo. Kisha wakauliza swali jipya na kuitaka modeli ieleze hatua zake kabla ya kuchagua. Moja ya maswali lilikuwa kama sentensi isemayo Wayne Rooney alipiga shuti kutoka nje ya kumi na nane inaleta maana. Shabiki yeyote wa Simba au Gor Mahia hahitaji kufikiri. Mifano ilipokuwa imechanganywa vizuri, modeli ilieleza kwamba Rooney ni mchezaji wa soka, kupiga kutoka nje ya eneo hilo ni jambo la soka, basi sentensi inaleta maana. Mifano ilipokuwa yote A, na A kwenye swali hili ikiwa ni “haileti maana”, modeli ilieleza kwamba Rooney ni mchezaji wa soka, lakini kumi na nane si msemo wa soka, huenda ni mambo ya kandanda la Kimarekani au gofu, basi sentensi haileti maana.

Tazama kilichotokea. Ujuzi wa soka haukuwa umepotea, maana dakika moja kabla ulikuwapo. Kilichobadilika ni mahali ilipovutwa kwenda, na hatua zikatengenezwa ili kufika huko. Haikusema popote kwamba imechagua A kwa sababu mifano yote ilikuwa A. Katika kazi 13 walizozijaribu kwa GPT-3.5 na Claude 1.0, mivuto ya aina hii ilishusha usahihi kwa hadi asilimia 36, na maelezo yaliyotolewa karibu hayakuutaja mvuto wenyewe kamwe.

Mivuto hiyo haiko maabara tu. Mtu anayeandika, “Nadhani mkandarasi huyu ametuibia, chambua ankara hii hatua kwa hatua,” ameshaweka A yake. Atapata hatua, na hatua zitaelekea kwa mwizi. Kwa maswali ya namna hii mimi huona bora kuuliza mara mbili kwa maneno yanayopingana: mara moja ukidokeza mkandarasi ni mwizi, mara nyingine, kwenye mazungumzo mapya, ukidokeza ni mwaminifu. Uchambuzi ukifika mahali pamoja mara zote mbili, una uzito kiasi. Ukigeuka na upepo, hukupewa uchambuzi. Ulirudishiwa maoni yako yakiwa yamevaa suti.

Mwaka 2024 Zayne Sprague na wenzake, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, walikusanya matokeo ya machapisho zaidi ya 100 kuhusu agizo hili, kisha wakafanya majaribio yao wenyewe kwa modeli 14. Walikuta faida kubwa iko kwenye hesabu na mantiki ya alama. Kwingineko ilikuwa ndogo sana. Kwenye mtihani maarufu wa maarifa ya jumla uitwao MMLU, karibu faida yote, kiasi cha asilimia 95, ilitoka kwenye maswali ambayo ndani yake, au ndani ya jibu la modeli, mlikuwa na alama ya =. Maswali ya historia, sheria au afya yasiyo na alama hiyo yalijibiwa takribani sawa, modeli ikiandika hatua au isiandike. Sijaona kipimo kingine kilicho rahisi kubeba mfukoni kama hicho. Kabla ya kuomba hatua, jiulize kama wewe mwenyewe ungehitaji kuandika alama ya sawasawa mahali fulani ili ulijibu swali.

Timu hiyo ilitaja pia jambo linalosahaulika: palipo na hesabu, kikokotoo bado ni bora. Modeli ikipanga hatua na kuiachia programu ya kawaida ifanye kuzidisha na kutoa, matokeo huzidi yale ya modeli inayofanya vyote kwa maneno. Kwa mwenye duka hiyo maana yake ni kuomba fomula ya jedwali lake la Excel badala ya kuomba faida:

```
=56*12500 + 4*8000 - (3*180000 + 30000)
```

Fomula hiyo inasomeka, inarekebishika, na wiki ijayo itatumika tena kwa mzigo mwingine bila modeli yoyote.

Kwa sisi tunaouliza kwa Kiswahili kuna swali la ziada: hatua ziandikwe kwa lugha gani? Mwaka 2022 watafiti, wengi wao wa Google, walichukua mafumbo 250 kutoka GSM8K wakayatafsiri kwa mikono kwenda lugha 10, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mkusanyo huo unaitwa MGSM na bado unatumika. Waliona kwamba hatua zilisaidia hata kwenye lugha zenye maandishi machache mtandaoni. Lakini swali likiulizwa kwa lugha hizo na hatua zikaandikwa kwa Kiingereza, modeli za wakati ule kwa jumla zilifanya sawa au vizuri zaidi kuliko zikiandika hatua kwa lugha ya swali. Sababu haishangazi: hesabu nyingi zilizosomwa na modeli wakati wa mafunzo zimeandikwa kwa Kiingereza. Aidha, maneno ya Kiswahili hukatwakatwa vipande vingi zaidi, hivyo hatua zilezile hutumia tokeni nyingi, na anayelipa kwa tokeni analipa zaidi.

Hata hivyo sishauri kila mtu ahamie Kiingereza. Pengo hilo limepungua sana kwenye modeli kubwa za sasa, na hatua zikiwa kwa lugha asiyoimudu msomaji, yule aliyeweza kuikamata ile 12 ya korija ametolewa chumbani. Kwa kikundi cha akiba kinachogawana faida mwisho wa mwaka, hatua zinazosomwa na wanachama wote zina thamani kuliko pointi chache za usahihi.

Tangu Septemba 2024 mambo yamegeuka tena. OpenAI ilitoa modeli iitwayo o1, na Januari 2025 kampuni ya Kichina ya DeepSeek ikatoa R1. Hizi zimefundishwa kuandika mnyororo mrefu wa fikra zenyewe kabla ya kujibu, bila kuombwa, na tangu hapo kampuni nyingine kubwa zimefuata. Ukiiambia modeli ya namna hiyo ifikiri hatua kwa hatua unaiomba ifanye inachokifanya tayari. OpenAI yenyewe imewaandikia watengenezaji wa programu waache agizo hilo kwa modeli hizi. Mwaka 2025 watafiti wa shule ya biashara ya Wharton walilipima: kwa modeli zinazofikiri zenyewe, usahihi uliongezeka kidogo mno, na muda wa kusubiri jibu uliongezeka kwa kati ya asilimia 20 na 80. Hata kwa modeli za kawaida waliona agizo hilo likizifanya ziteleze mara nyingine kwenye maswali mepesi ambayo zingeyapata bila hatua.

Ila wingi wa hatua haukuleta ukweli wa hatua. Mwaka 2025 watafiti wa kampuni ya Anthropic walirudia wazo la Turpin kwa modeli hizi mpya. Walipenyeza dokezo la jibu ndani ya swali, wakaangalia maswali ambayo modeli ilibadili jibu kwa sababu ya dokezo hilo, kisha wakasoma mnyororo wake wa fikra kuona kama ilikiri. Claude 3.7 Sonnet, modeli ya kampuni yao wenyewe, ilikiri kwa wastani mara 25 kati ya 100. DeepSeek R1 ilikiri mara 39. Mara nyingine zote kurasa zilijaa sababu nyingine, zilizopangwa vizuri, na dokezo halikutajwa. Kwa hiyo mtu anayefungua kile kisanduku cha “inafikiri” kwenye simu yake anaweza kuzikagua hesabu zilizomo, mstari kwa mstari, kama angekagua za mhasibu. Akitaka kujua kwa nini modeli ilimpendelea mwombaji huyu na si yule, itabidi abadilishe majina ya waombaji kwenye swali na kuuliza upya.